Kuchagua, kushona na kufua nguo ya kumkinga mtoto mwenye ualbino na jua

Mtoto mwenye ualbino anaweza kuvaa shati jeupe la mikono mirefu, akashinda uwanjani siku nzima, na jioni mabega yakawa mekundu chini ya shati lenyewe. Mzazi hushangaa, kwa sababu nguo ilikuwepo. Jua limepita ndani ya kitambaa. Mionzi inayounguza ngozi ni ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni, na vitambaa vinatofautiana sana katika kuizuia: shati moja linaweza kupitisha sehemu moja kati ya tano ya mionzi hiyo, na suruali ya jinzi iliyo kando yake isipitishe karibu chochote.

Mwongozo huu ni wa mzazi, mlezi au fundi cherehani anayetaka kuchagua kitambaa, kukishona na kukifua kwa ajili ya mtoto huyo. Nimeuelekeza kwa mtoto wa shule anayeishi Mwanza, kwa kuwa jua la kule ni kali na sare ya shule ya msingi ina shati jeupe, ambalo ndilo tatizo letu kubwa.

Kwanza, elewa namba ya UPF

Nguo zilizopimwa maabara hubandikwa lebo yenye herufi UPF na namba. Australia na New Zealand ndizo zilizotangulia kuweka viwango rasmi vya kipimo hiki, mwaka 1996, na mitumba ya kuogelea au ya michezo hukutwa na lebo hiyo mara kwa mara. Namba husomwa kwa kugawanya: UPF 50 maana yake ni kwamba sehemu moja tu kati ya hamsini ya mionzi hupita, yaani asilimia 2. UPF 20 hupitisha asilimia 5, na UPF 5 hupitisha asilimia 20. Haihesabu saa za kukaa juani. Inasema tu kitambaa kinapitisha kiasi gani.

Fulana nyeupe nyepesi ya pamba huwa na UPF ya 5 hadi 7 hivi. Ikilowa jasho au mvua inaweza kushuka hadi karibu 3, kwa sababu maji hujaza nafasi kati ya nyuzi na mionzi, ambayo ingetawanywa huku na huko na nyuzi kavu, hupita moja kwa moja. Ni sababu ileile inayofanya fulana nyeupe iliyolowa ionyeshe mwili. Kwa mtoto mwenye ualbino lengo letu liwe kukaribia 50 mabegani na mgongoni, na sehemu nyingine zisishuke chini ya 30. Nyumbani hatuna mashine ya kupima namba hizo, lakini tuna njia za kutenganisha kitambaa kizuri na kibaya bila kukosea sana.

Hatua ya 1: Angalia matundu kabla ya kuangalia kitu kingine

Kitambaa chochote ni nyuzi na nafasi zilizo kati yake. Uzi unaweza kuzuia mionzi vizuri au vibaya, lakini tundu halizuii kabisa. Ndiyo maana ufumaji huja kwanza. Hata kama nyuzi zenyewe zingezuia kila kitu, kitambaa ambacho matundu yake yamechukua asilimia 10 ya eneo hakiwezi kuvuka UPF 10. Matundu yakiwa asilimia 5, kikomo ni 20. Ili kufika 50, matundu yasizidi asilimia 2. Hakuna rangi wala sabuni itakayovuka kikomo hicho matundu yakibaki yalivyo.

Chukua kitambaa, nenda dirishani au washa tochi ya simu, ukishike mbele ya mwanga bila kukivuta. Usihukumu kwa kuangalia kama kwa jumla kinaonekana cheupe au cheusi. Tafuta vitone vya mwanga kati ya nyuzi. Ukiviona vingi na vikali kama chujio la chai, kirudishe kwenye meza ya muuzaji. Kisha kivute kidogo kwa mikono miwili, kadiri kitakavyovutika mabegani mtoto akiinama, na uangalie tena. Vitambaa vya fulana na sweta, vinavyofumwa kwa vitanzi, hufunguka vinapovutwa. Vya shati, ambavyo nyuzi zake hupishana moja juu na moja chini, hutulia zaidi. Suruali ya kubana yenye mpira huonekana nzito ikiwa imekunjwa dukani, kumbe ikivaliwa hunyooka na matundu kutokea magotini na mapajani.

Jinzi, kaki nzito ya sare, na vitambaa vyenye mistari ya mshazari ambavyo nyuzi zake zimebanana hufaulu jaribio hili bila shida. Bafta haifaulu. Khanga nyingi ziko katikati, na zina jambo lao nitakalolieleza kwenye kufua.

Jaribio la mwanga lina mpaka wake. Linatumia mwanga unaoonekana, na mionzi tunayoiogopa haionekani. Pamba nyeupe iliyobanana vizuri inaweza kuziba mwanga wa tochi na bado nyuzi zenyewe zikapitisha urujuanimno. Kwa hiyo kitambaa kikifeli hapa, kimefeli. Kikifaulu, endelea kukikagua rangi na uzi.

Hatua ya 2: Jua uzi ni wa nini

Pamba inapotoka shambani ina nta na mabaki ya mmea yanayonyonya urujuanimno. Kiwandani huondolewa kwa dawa ili kitambaa kiwe cheupe, na pamoja nayo kinga huondoka. Ndiyo maana marekani, ile pamba ya rangi ya maziwa ambayo haijasafishwa, hukinga kuliko pamba nyeupe pe yenye ufumaji uleule. Rayoni, ambayo madera mengi mepesi hushonwa kwayo, ina tabia ya pamba iliyosafishwa: yenyewe haizuii mengi, hutegemea rangi na wingi wa nyuzi.

Poliesta ni tofauti. Umbile lake la kikemia hunyonya kwa nguvu mionzi ya UVB, ambayo ndiyo inayounguza zaidi, hata ikiwa nyeupe. Kwa mionzi ya UVA, inayozama ndani zaidi ya ngozi, ni dhaifu, isipokuwa kiwandani iwe imechanganywa na unga mweupe wa titani wa kuondoa mng'ao. Kwa shati la shule basi, mchanganyiko wa poliesta na pamba ni bora kuliko pamba tupu nyeupe. Sufu ya kondoo nayo huzuia vizuri, ingawa joto lake si la Mwanza. Nailoni nyembamba isiyo na dawa haiaminiki.

Kama kitambaa hakina lebo, choma nyuzi chache. Chomoa nyuzi tano au sita kwenye ukingo, zishike kwa kibano cha chuma juu ya sahani, mbali na kitambaa na watoto, uziwashe. Pamba na rayoni huwaka upesi kama karatasi, hunuka karatasi, na huacha majivu laini ya kijivu. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na hubaki punje ngumu nyeusi usiyoweza kuiponda kwa vidole ikipoa. Mchanganyiko hutoa vyote viwili: mwali wa karatasi na punje ngumu ndani ya majivu. Wauzaji wengi wa vitambaa hawatakasirika ukiwaomba nyuzi za ukingoni.

Hatua ya 3: Rangi

Rangi za nguo hunyonya mionzi, na kadiri rangi inavyokolea ndivyo inavyonyonya zaidi. Katika ufumaji uleule na uzi uleule, buluu ya giza, nyeusi, kijani kizito na nyekundu iliyokolea hukinga kuliko nyeupe, krimu na waridi la mbali. Kukolea ni muhimu kuliko jina la rangi: buluu iliyofifia haina faida kubwa kuliko nyeupe. Kaniki ya zamani, nyembamba kiasi lakini iliyochovywa sana, ni mfano mzuri wa rangi kubeba mzigo.

Kwenye khanga na kitenge usiangalie rangi ya jumla, angalia sehemu nyeupe za mchoro. Khanga ya mji mweupe wenye maua madogo hupitisha mionzi kila mahali palipo peupe. Ukiwa nazo mbili, ile iliyojaa rangi nzito ndiyo ya kumfunika mtoto njiani, na hata hiyo ikunje mara mbili.

Wazazi huniuliza kuhusu joto, na ni swali la haki. Nguo nyeusi hupata joto zaidi juani. Jibu langu ni kuongeza upana: nguo pana hupitisha hewa, na pia nafasi kati ya kitambaa na ngozi huifanya mionzi iliyopenya itawanyike kabla ya kugusa mwili. Gauni pana la buluu nzito linavumilika kuliko fulana nyeusi ya kubana, na hukinga zaidi.

Hatua ya 4: Pima kwa tochi ya kukagua noti

Wakala wa fedha na wenye maduka wengi wana tochi ndogo ya mwanga wa zambarau ya kutambua noti bandia. Tochi hiyo hutoa mionzi ya UVA, na kwa hiyo ni kifaa cha bei nafuu cha kulinganisha vitambaa.

Ingia chumba chenye giza. Weka karatasi nyeupe ya kuchapia mezani na uimulike: itawaka kwa buluu. Sasa funika nusu ya karatasi kwa kitambaa, umulike nusu zote mbili kutoka umbali uleule, wa shubiri moja hivi. Tazama kinachoonekana kupitia kitambaa. Karatasi ikiendelea kuwaka kwa nguvu chini yake, mionzi inapita. Ikizimika kabisa, kitambaa kinazuia UVA. Linganisha vitambaa viwili au vitatu kwa wakati mmoja, na uweke kipande cha jinzi pembeni kiwe kipimo chako cha kitambaa bora. Usimulike macho ya mtu, hasa ya mtoto mwenye ualbino ambaye macho yake tayari yanaumizwa na mwanga.

Mambo mawili yanaweza kukupotosha. La kwanza, poliesta nyeupe huonekana mbaya kuliko ilivyo, kwa kuwa tochi hii haipimi UVB ambayo poliesta huizuia. La pili, nguo nyeupe zilizofuliwa kwa sabuni ya unga mara nyingi huwaka zenyewe kwa buluu. Hapo funga mdomo wa tochi kwa kitambaa na umulike alama za siri za noti: zikiwaka, mionzi imepita.

Hatua ya 5: Fua kabla ya kukata

Wengi hudhani nguo mpya ndiyo yenye kinga kubwa na kila ufuaji huipunguza. Kwa pamba, mwanzo wa safari huenda kinyume. Pamba hurudi ikifuliwa, nyuzi hukaribiana na kuvimba kidogo, na matundu huziba. Piga hesabu ya kipande cha sentimita 100 kwa 100 chenye matundu asilimia 10. Kikirudi kwa asilimia 5 kila upande, kinakuwa 95 kwa 95, na eneo lake limepungua kwa karibu asilimia 10. Nyuzi ni zilezile, nafasi ndiyo iliyopungua. Matundu hayatafungika yote, kwa kuwa nyuzi nazo hupandiana, lakini unaona mwelekeo. Majaribio ya Australia ya miaka ya 1990 kwa fulana za pamba yalionyesha kinga ikiongezeka takriban mara mbili baada ya kuvaliwa na kufuliwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2001, uliotumia fulana nyeupe yenye UPF isiyofika 5, ulipata ongezeko la karibu nusu baada ya kufuliwa mara tano kwa maji matupu.

Poliesta hairudi, kwa hiyo kufua hakuiongezei wala kuipunguzia mengi. Mchanganyiko hukaa katikati. Kitambaa cha pamba kilichorudishwa kiwandani nacho hakitabadilika sana.

Khanga na bafta mpya zina wanga unaozifanya zikakamae. Wanga huo hujaza nafasi na kukudanganya dirishani. Ukifua, wanga unatoka na nafasi hufunguka, kisha pamba inarudi na kuzifunga tena kwa kiasi fulani. Matokeo huwezi kuyakisia, kwa hiyo usiihukumu khanga ikiwa mpya. Ifue mara mbili, ianike, ndipo uipeleke dirishani.

Kwa fundi, fanya hivi: chora mraba wa sentimita 50 kwa 50 kwenye kitambaa kwa kalamu isiyofutika, kiloweke usiku, kifue kwa maji ya moto kiasi ambacho nguo itafuliwa baadaye, kianike kikauke, kipige pasi bila kukivuta, upime tena. Ukipata 48, kimerudi asilimia 4. Rudia ufuaji hadi kipimo kisibadilike, ndipo ukate. Ukikata kabla, mikono mirefu itapanda juu ya kifundo baada ya wiki chache, na sehemu ile ya mkono ndiyo huungua kila siku.

Hatua ya 6: Kushona sare, mfano wa Mwanza

Chukua binti wa darasa la tatu, shule ya msingi, Mwanza. Mji uko karibu na Ikweta na uko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa inayochuja mionzi ni nyembamba kuliko ya Tanga au Dar es Salaam. Kwa kuwa Mwanza iko magharibi ya nchi na saa ni moja kwa nchi nzima, jua la utosi huko hufika karibu saa saba mchana. Saa mbaya basi ni kuanzia saa nne na nusu asubuhi hadi kama saa tisa na nusu alasiri, muda unaobeba mapumziko na safari ya kurudi nyumbani. Na jua la utosi halipigi ubavuni. Hupiga mabegani, shingoni nyuma, masikioni, na juu ya mikono.

Sare yake ni shati jeupe na sketi ya buluu. Sketi si tatizo: buluu nzito, kitambaa kilichobanana, na ikishuka hadi chini ya magoti na soksi ndefu zikapanda kukutana nayo, miguu imekingwa. Shati ndilo la kushughulikia. Tuseme umechagua mchanganyiko wa poliesta na pamba uliofaulu dirishani, na tukadirie unapitisha asilimia 10, yaani UPF 10. Rangi huwezi kuibadilisha. Uzi umeshauchagua. Kilichobaki ni tabaka.

Tabaka mbili huzidishana. Asilimia 10 ya asilimia 10 ni asilimia 1, yaani UPF 100 kwenye karatasi. Usiitegemee namba hiyo yote, kwa sababu mionzi iliyopita tabaka la kwanza ni ile inayopenda kupita kitambaa cha aina hiyo, na itapenya la pili kwa urahisi kuliko hesabu inavyosema. Hata ukiikata nusu umefika 50. Kwa tabaka la ndani mimi hupendelea marekani nyepesi iliyokwisha kufuliwa: rangi yake ya maziwa haionekani sana chini ya nyeupe, hunyonya jasho, na huzuia mionzi kwa namna tofauti na poliesta ya nje.

Mwambie fundi akate bitana ya mabega nzima, bila mshono juu ya bega. Nyuma ishuke sentimita 20 kutoka shingoni, mbele sentimita 12, na kwenye mikono ishuke hadi kiwiko upande wa juu. Kola iwe ya tabaka mbili na ndefu kidogo, ili iweze kusimamishwa kufunika shingo. Mikono ifike kwenye kifundo na iwe na kifungo, na pindo la ndani la sentimita 4 libaki la kukunjuliwa mtoto anapokua. Upana wa shati uzidi kifua kwa sentimita 14 au zaidi. Nusu mita ya marekani inatosha bitana hiyo kwa mtoto wa umri huu na hubaki vipande. Ukimaliza, vaa shati mkononi mwako ndani ya chumba chenye giza na umulike kwa tochi ya noti: tofauti ya bega na mgongo wa chini lazima ionekane.

Kama shule hairuhusu mikono mirefu, nenda kwa mwalimu mkuu na barua ya daktari au mhudumu wa kliniki ya ngozi. Mara nyingi walimu hukataa tu kwa sababu hawajaelezwa.

Sweta ya shule si njia ya mkato. Ile ya kufumwa kwa vitanzi vipana ina matundu yanayoonekana kwa macho, na ikivutika mabegani hufunguka zaidi. Juu ya shati huongeza tabaka, ndiyo, lakini saa saba mchana mtoto ataivua. Kofia nayo ipite jaribio lilelile la dirishani: kofia ya ukindu au nyasi yenye nafasi humwaga vitone vya jua usoni. Chagua pama ya kitambaa kizito, ukingo wa sentimita 8 au zaidi pande zote. Kapelo huacha masikio na shingo nje. Uso, masikio na viganja vinahitaji losheni, na ile ya Kilisun inayotengenezwa Moshi imetengenezwa kwa ajili ya watu wenye ualbino.

Hatua ya 7: Nguo za nyumbani, ongeza rangi

Nyumbani hakuna sheria ya sare, na hapo ndipo rangi itumike. Katika utafiti ule wa mwaka 2001, kuchovya fulana nyeupe ya pamba kwenye rangi ya buluu kuliongeza kinga yake zaidi ya mara tano, na rangi ya njano iliongeza pia lakini kwa kiasi kidogo kuliko buluu. Fulana na mashati meupe ya mtumba, ya pamba, yaliyobanana, yapeleke kwa mtengeneza batiki na umwambie unataka buluu nzito au kijani kizito, rangi moja, isiyo na michoro wala nta. Michoro huacha sehemu nyeupe. Muulize rangi yake hutoka? Akikujibu haitoki, hakikisha: sugua kitambaa chepesi cheupe kilicholowa juu yake. Poliesta haishiki rangi hizo, kwa hiyo choma uzi kwanza.

Mtumba wa pamba una faida moja juu ya mpya, kwamba umesharudi. Lakini upeleke dirishani mabega na viwiko, maana mwenyewe wa kwanza alishavitumia.

Hatua ya 8: Kufua kwa miezi inayofuata

Baada ya kupanda mwanzoni, kinga hukaa palepale kwa muda mrefu, kisha huanza kushuka. Kinachoishusha ni kuchakaa, na kufua vibaya huharakisha kuchakaa.

Sabuni nyingi za unga zina kemikali za kung'arisha weupe. Hizo hunyonya UVA na kuitoa kama mwanga wa buluu, ndiyo maana nguo hung'aa. Kwa pamba na mchanganyiko wa pamba, zikijilimbikiza ufuaji baada ya ufuaji, huongeza kinga. Poliesta tupu haizishiki vizuri, na haifaidiki. Kwa shati jeupe la shule basi, sabuni ya unga ni chaguo zuri kuliko mche, mradi ngozi ya mtoto haiwashwi nayo. Suuza mara mbili.

Jiki iache. Hufifisha rangi, na kwa muda hudhoofisha nyuzi za pamba hadi zikakatika. Doa la kola lisugue kwa sabuni na liache lilowe usiku. Usipige nguo kwenye jiwe, wala usisugue mabega kwa brashi. Ndipo nyuzi hunyolewa, na ndipo jua linapopiga. Nguo za rangi zianike kivulini, zimegeuzwa ndani nje, kwa sababu jua linalofifisha rangi linaondoa kinga ileile uliyoilipia.

Jasho pia lipangie. Shati lililolowa mgongoni limepoteza sehemu ya kinga, kwa hiyo mtoto anayecheza mpira awe na la kubadilisha. La kwanza liache likauke kivulini.

Hatua ya 9: Kujua lini nguo imeisha

Siku unaposhona, baada ya kitambaa kufuliwa, kata kipande cha sentimita 10 kwa 10 na ukihifadhi kabatini, gizani, kimeandikwa tarehe. Kila mwanzo wa muhula chukua shati na kipande hicho, viweke bega kwa bega dirishani, kisha chini ya tochi. Angalia hasa juu ya bega, nyuma ya kola, kwenye kiwiko na mstari wa begi la shule, maana mikanda ya begi husaga kitambaa kuliko kitu kingine chochote. Vitone vya mwanga vikiwa vingi kuliko vya kipande cha akiba, au nyuzi zikianza kutawanyika ukivuta kidogo, shati hilo lisivaliwe tena juani. Linaweza kuvaliwa jioni na ndani ya nyumba.

Kabla ya kulistaafisha, kagua mkia wake. Sehemu inayochomekwa ndani ya sketi haikuona jua wala mkanda wa begi, imefuliwa mara nyingi na imerudi kadiri inavyoweza kurudi. Ikifaulu dirishani, ikate. Ndiyo bitana ya mabega ya shati litakalofuata.